“4x2” si maelezo ya kutosha

Bahasha ya dawa mseto ya malaria huandikwa “4x2”. Mmoja husoma vidonge vinne mara mbili, mwingine viwili mara nne. Kwa mtu mzima anayeanza saa 2 asubuhi, ningeandika hivi:

“Leo: vidonge 4 saa 2 asubuhi, vidonge 4 saa 10 jioni. Kesho na keshokutwa: vidonge 4 saa 2 asubuhi, vidonge 4 saa 2 usiku. Kula kwanza, au kunywa maziwa. Maliza vyote 24.”

Dozi ya pili hufuata baada ya saa 8, jambo ambalo “4x2” haisemi kabisa. Mafuta ya chakula huisaidia dawa kuingia mwilini. Asiye na hamu ya kula asiahirishe dozi, anywe maziwa.