Mkopo wa Sacco kwa Vipande: Namna ya Kuigawa Epiki

Chukua sacco inayotaka wanachama wake waombe mikopo kwa simu. Hitaji hilo linaandikika kwa sentensi moja: "Nikiwa mwanachama, nataka kuomba mkopo kwa simu, ili nisifunge safari hadi ofisini." Watengeneza programu huiita sentensi ya namna hii hadithi ya mtumiaji, kwa kuwa inasema ni nani, anataka nini na kwa nini. Tatizo ni ukubwa wake. Ndani yake mna hesabu za akiba, wadhamini, uamuzi wa ofisa mikopo na fedha kuingia kwenye simu. Hadithi kubwa hivi huitwa epiki. Haimaliziki ndani ya sprinti moja, yaani kipindi cha kazi ambacho mwongozo wa Skramu unataka kisizidi mwezi, na ambacho timu nyingi hukipanga kiwe cha wiki mbili.

Mgawanyo unaowajia mafundi haraka ni wa kufuata ufundi wao: sprinti ya kwanza hifadhidata, ya pili hesabu za seva, ya tatu skrini za simu. Kazi inaonekana kwenda, lakini hadi sprinti ya tatu hakuna mwanachama aliyeomba hata shilingi. Kama kanuni ya akiba ilieleweka vibaya tangu mwanzo, kosa litajulikana wiki sita baadaye, wakati kila kitu kimeshajengwa juu yake.

Dawa yake ni kukata kipande chembamba kinachopita kote: skrini kidogo, hesabu kidogo, hifadhidata kidogo, ilimradi mtu afikishe jambo lake mwisho. Mwaka 2003 Bill Wake alitaja sifa sita za hadithi nzuri, na tatu kati yake zinatusaidia hapa: ijitegemee, iwe na faida kwa mtumiaji, na iweze kupimwa.

Basi tuanze na mwombaji mwepesi kuliko wote, yaani anayeomba kiasi kisichozidi akiba yake. Huyu hahitaji mdhamini. Hadithi ya kwanza inakuwa: "Nikiwa mwanachama, nataka kuomba mkopo usiozidi akiba yangu, ili ofisa aupate bila mimi kufika ofisini." Masharti yake yanapimika. Mwenye akiba ya shilingi 200,000 akiomba 150,000, ombi linamfikia ofisa. Akiomba 250,000, anaelezwa kwamba mwisho wake ni 200,000. Ofisa ataendelea kuidhinisha na kulipa kwa utaratibu wake wa zamani. Kazi ya mkono ikibaki kwa muda si aibu, kwani ndiyo inayokifanya kipande kiwe kidogo. Hadithi ya pili itampa ofisa kitufe cha kukubali au kukataa, na mwanachama atapata jibu kwa ujumbe mfupi.

Ugumu unaanza kwa wadhamini. Tuseme sacco yetu inaruhusu mkopo hadi mara tatu ya akiba. Mwenye 200,000 anaomba 500,000, kwa hiyo 300,000 zinahitaji dhamana. Timu ikiandika masharti ya hadithi hii, yanajaa "au" na "isipokuwa": mdhamini mmoja au watatu, isipokuwa kama mmoja amekataa, au akiba yake imeshafungwa kwa mkopo mwingine. Kila neno la namna hiyo linaonyesha mahali pa kukata. Kwanza, mdhamini mmoja mwenye akiba ya kutosha anakubali kubeba 300,000 zote. Halafu, wawili wanagawana. Mwisho, mdhamini anakataa na mwombaji anatafuta mwingine. Kipande cha kwanza peke yake kinatumika, na hicho ndicho kipimo.

Kutuma fedha moja kwa moja kwenye simu kuna shida nyingine: huenda timu haijawahi kuunganisha mfumo wake na wa kampuni ya simu. Hapo haikosi ukubwa tu, inakosa habari. Itenge siku mbili za uchunguzi zenye swali moja: tukituma shilingi 1,000 za majaribio, tutajuaje kama zimefika au zimekwama? Jibu likipatikana, muamala uliofaulu unakuwa hadithi moja na uliokwama hadithi nyingine.

Kukata nako kuna mpaka. "Ongeza safu ya mdhamini kwenye hifadhidata" ni dogo, lakini hakuna mwanachama atakayelipokea. Hilo ni jukumu ndani ya hadithi. Kipande kikiwa hakiwezi kuonyeshwa kwa mwanachama au ofisa akakitumia, kirudishwe kwenye hadithi kilikotoka.

Faida nyingine ni kwamba sacco inaweza kusimama popote. Wanachama wengi wakiwa wanakopa ndani ya akiba zao, uongozi unaweza kuiweka kando hadithi ya wadhamini wanaogawana na kulipia kwanza ile ya kutuma fedha.