Ndani ya Saa ya Mkononi (3): Saa Inapoanza Kukimbia Ghafla

Wiki iliyopita tuliifuata nguvu kutoka kwenye kamani kubwa, tukapita meno ya magurudumu, tukaishia kwenye kile kigurudumu cha shaba kinachoyumba huku na huko bila kukamilisha mzunguko. Mafundi wengine hukiita gurudumu la mizani. Leo tubaki hapohapo, kwa sababu karibu dakika zote ambazo saa huongeza au hupoteza zinaanzia kwa kigurudumu hicho na kamani nyembamba iliyojiviringa katikati yake.

Siku ina sekunde 86,400. Saa inayokwenda mbele dakika moja kila siku imekosea sehemu moja tu katika 1,440. Seiko 5 ya zamani, ambayo wasomaji wengi wa Mombasa, Tanga na Bujumbura wameiona mkononi mwa baba au babu, hupiga mapigo sita kila sekunde, yaani 518,400 kwa siku. Mtengenezaji mwenyewe aliiruhusu mashine ya aina ya 7S26, iliyomo katika nyingi ya saa hizo, iende mbele hadi sekunde 40 au ichelewe hadi sekunde 20 kwa siku. Ukikuta yako inakwenda mbele sekunde 25, usimsumbue fundi. Haina ugonjwa.

Makosa madogo ya namna hiyo yana vyanzo vingi, na vingi havina madhara. Saa iliyolazwa kifudifudi haiendi sawasawa na ile iliyosimamishwa ubavu, kwa sababu ncha za mhimili wa gurudumu husuguana na vito vyake kwa namna tofauti. Saa iliyokaribia kuishiwa ufunguo huyumba kwa upana mdogo, na mwendo wake hubadilika kidogo. Mafuta yakikauka baada ya miaka, upana huo hupungua tena. Mabadiliko haya yote kwa kawaida ni ya sekunde tu.

Ila kuna kosa la sura nyingine kabisa. Saa iliyokuwa sahihi kwa miaka inaamka siku moja ikikimbia dakika tano, nane, hata kumi na tano kwa siku. Haikuanguka, haikuingia maji. Mbele ya saa ya namna hiyo, jambo la kwanza la kuuliza ni ililazwa wapi.

Tufanye hesabu ili tuone inavyowezekana. Muda wa yumbo moja la gurudumu hutegemea mambo mawili: uzito wa gurudumu pamoja na jinsi uzito huo ulivyotawanyika, na ukakamavu wa kamani nyembamba. Kamani fupi ni kakamavu zaidi kuliko ndefu, nayo hulirudisha gurudumu haraka, kama bembea ya kamba fupi inavyorudi haraka kuliko ya kamba ndefu. Urefu na muda havibadiliki kwa kiasi kimoja, bali muda hufuata kipeuo cha pili cha urefu. Kwa badiliko dogo, maana yake ni kwamba ukiufupisha urefu kwa asilimia moja, muda wa yumbo hupungua kwa nusu ya asilimia.

Sasa chukua saa inayokimbia dakika nane kwa siku. Hizo ni sekunde 480, yaani sehemu moja katika 180 za siku. Ili kuipata haraka hiyo, kamani inahitaji kufupishwa kwa sehemu moja tu katika 90 za urefu wake. Hakuna haja ya kuikata. Inatosha mizunguko miwili ya kamani igusane na kushikana mahali padogo kila inapojikunja. Kipande kilichoshikana hakifanyi kazi tena, kilichobaki ndicho kinachopinda, na saa inakimbia.

Usumaku hufanya hivyohivyo. Mizunguko ya kamani imeachana kwa nafasi nyembamba mno. Ikishapata usumaku, huvutana, hujipanga vibaya, na pengine hunata kwa sehemu ya kila yumbo. Ndiyo maana dalili ya kawaida ya saa yenye usumaku ni kukimbia. Mara chache huchelewa, au husimama kabisa pale usumaku unapokuwa mkali sana, lakini fundi mzoefu akisikia "inakimbia ghafla" huikumbuka sumaku kabla hajafungua mfuniko.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini watengenezaji hawakutumia madini yasiyovutwa na sumaku tangu mwanzo. Jibu ni joto. Kamani ya chuma cha pua cha kawaida hulegea kadiri joto linavyopanda, na saa yenye kamani ya namna hiyo na gurudumu la shaba huchelewa takriban sekunde 11 kwa siku kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Ipeleke kutoka nyuzi 18 za Limuru hadi nyuzi 32 za Mombasa, na itachelewa zaidi ya dakika mbili na nusu kila siku. Aliyevunja tatizo hilo ni Charles Édouard Guillaume, mwanafizikia wa Uswisi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1920 kwa kazi yake juu ya mchanganyiko wa chuma na nikeli. Aligundua mchanganyiko ambao unyumbufu wake haubadiliki sana joto linapobadilika, na kamani za leo nyingi ni wajukuu wa ugunduzi huo.

Hapa pana jambo ambalo mimi huliona kuwa kejeli ya asili. Mchanganyiko huo haubadiliki kwa joto kwa sababu ya usumaku wenyewe. Joto linapopanda, mpangilio wa kisumaku ndani ya madini hayo hubadilika pia, na mabadiliko hayo hufidia ule ulegevu ambao joto lingeuleta. Kwa hiyo sifa ileile iliyoiokoa saa na jua la pwani ndiyo iliyoiacha wazi kwa sumaku. Kamani za kisasa huathirika kidogo kuliko zile za chuma cha pua cha zamani, lakini huathirika.

Na siku hizi sumaku ziko kila mahali. Uga wa sumaku wa dunia katika Afrika Mashariki una nguvu ya takriban theluthi moja ya gausi, na hauidhuru saa. Kiwango cha kimataifa cha saa zinazostahimili sumaku, ISO 764, hudai saa ivumilie ampea 4,800 kwa mita, ambazo ni sawa na gausi 60 hivi. Kitufe cha sumaku cha mkoba, kava ya tableti, spika ya redio na kisanduku cha vifaa vya masikioni vyaweza kuwa na gausi mamia kadhaa pale juu kabisa ya sumaku. Bahati yetu ni kwamba nguvu ya sumaku ndogo hufifia haraka mno kadiri unavyoondoka: ukiuzidisha umbali mara mbili, hubaki kama sehemu moja ya nane. Saa iliyo sentimita tano kutoka spika kwa kawaida iko salama. Iliyolazwa juu ya spika usiku kucha haipo salama.

Kuipima hakuhitaji mashine. Weka dira ya sindano mezani, mbali na simu na vitu vya chuma, uiache itulie. Sogeza saa polepole upande wa mashariki au magharibi wa sindano, kisha uizungushe saa papo hapo. Usikurupuke ukiona sindano imesogea kidogo, kwa kuwa ndani ya saa mna skrubu na mihimili ya chuma cha pua, na chuma chochote huvuta sindano. Tazama kama kuna upande wa saa unaoisukuma ncha ya sindano. Chuma kisicho na usumaku huvuta ncha zote mbili. Kusukuma ni kazi ya sumaku peke yake. Sindano ikikimbia saa inapogeuzwa upande mmoja, na kuifuata inapogeuzwa upande wa pili, umeshapata jibu.

Sindano isipokimbia, mshukiwa wa pili ni mafuta. Tone dogo likifika kwenye kamani nyembamba hunatisha mizunguko, na saa hukimbia vilevile. Bila dira huwezi kuzitofautisha hali hizo mbili, na matibabu yake hayafanani: mafuta yanataka saa ifunguliwe na kamani isafishwe, ilhali usumaku huondolewa bila kugusa hata skrubu moja.

Kifaa cha kuondolea usumaku ni koili ya waya inayochomekwa kwenye umeme wa kawaida. Umeme wetu hugeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na uga wa koili hugeuka nao. Fundi huweka saa juu ya koili, hubonyeza kitufe, kisha huiinua saa taratibu hadi kiasi cha mkono mmoja huku kitufe kikiwa bado kimebonyezwa. Kila mgeuko huipa kamani usumaku wa upande mmoja, unaofuata huipa wa upande wa pili ukiwa dhaifu kidogo, hivyo hivyo hadi usibaki kitu. Kazi yote ni sekunde kumi. Fundi akiachia kitufe saa ikiwa bado juu ya koili, mgeuko wa mwisho hubaki ndani, na saa huweza kuondoka na usumaku mwingi kuliko ilivyokuja. Dawa yake ni kurudia tu.

Kosa ninalolilaumu zaidi ni la kuusogeza mkono wa kurekebishia mwendo. Saa imekuja ikikimbia dakika nane, fundi anafungua mfuniko, anausukuma mkono ule upande wa kuchelewesha hadi mwisho, saa inaonekana kupona. Usumaku bado umo. Baada ya miezi fundi mwingine anauondoa, na sasa saa inachelewa dakika kadhaa, mwenyewe akaambiwa imechakaa. Dira kwanza, bisibisi baadaye.

Viwanda navyo vimejibu kwa njia mbili. Ya zamani ni kuifunika mashine kwa kikombe cha chuma laini, ambacho huupitisha uga pembeni. Ndivyo ilivyofanya Rolex Milgauss iliyotolewa mwaka 1956 kwa ajili ya watu wanaofanya kazi karibu na mitambo ya umeme, ikaahidi kustahimili gausi 1,000. Ya sasa ni kuondoa madini yanayovutika katika sehemu nyeti, na kutengeneza kamani kwa silikoni, ambayo haijali sumaku. Mwaka 2013 Omega walionyesha mashine ya namna hiyo inayovumilia gausi 15,000.

Wenye saa za betri wasidhani hesabu hii inawahusu vilevile. Kipima muda chao ni kipande cha kwatsi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na sumaku za nyumbani hazikibadilishi. Inayoathirika ni mota ndogo inayosukuma mikono, kwa kuwa ndani yake mna sumaku. Ikibanwa na uga mkali, mota husimama, mikono nayo husimama, na ukiiondoa saa pale huendelea kwa mwendo wake sahihi ikiwa imebaki nyuma. Kwa hiyo saa ya betri iliyochelewa dakika 40 usiku na kisha kwenda sawa mchana kutwa haihitaji fundi wala betri mpya, chunguza ulipoilaza. Na ikiwa inakimbia, sumaku si mshukiwa wa kwanza.