Kikumbusho cha Leseni Kisichopotea Njiani

Kikumbusho cha leseni na huduma za kulipia kwa mwaka ni kiprogramu kidogo kinachojiendesha kwenye seva kila asubuhi. Hupitia jedwali la vitu vyenye tarehe ya mwisho, kama leseni ya biashara, bima ya gari, programu za kompyuta na jina la tovuti. Huchambua vinavyokaribia kuisha, kisha huwaandikia wahusika barua pepe. Kwenye Linux, kinachokiamsha ni `cron`, kwa mstari wa namna hii:

```
0 8 * * 1-5 /opt/kumbusho/tuma.sh
```

Maana yake ni dakika 0, saa 8, siku yoyote ya mwezi wowote, Jumatatu hadi Ijumaa. Saa hiyo ni ya seva, na seva nyingi za kukodi hufuata UTC, iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Barua iliyokusudiwa saa mbili asubuhi itafika saa tano. Anayetaka saa mbili kamili ataandika 5 badala ya 8.

Penye kuharibika zaidi ni hesabu ya siku. Wengi huiagiza programu itafute kinachoisha baada ya siku 30 kamili, kisha 7 kamili, kisha 1. Agizo hilo lina sura ya usahihi, lakini halina nafasi ya kukosea hata siku moja. Mfano ni jina la tovuti linaloisha Jumapili, tarehe 15 Machi 2026. Siku 30 kabla ni Ijumaa, 13 Februari. Umeme ukikatika asubuhi hiyo na seva ikazimika, barua haiendi, na Jumatatu programu haiitafuti tena kwa kuwa zimebaki siku 27. Siku 7 kabla ni Jumapili, na siku 1 kabla ni Jumamosi, siku ambazo kazi hailali wala haiamki kwa sababu haikupangwa. Jina linaisha bila mtu kupata barua hata moja, na programu yenyewe haijaonyesha hitilafu yoyote.

Dawa ni kuuliza kwa kipimo cha "siku 30 au pungufu":

```sql
SELECT id, jina, mhusika, tarehe_mwisho
FROM leseni
WHERE hali = 'hai'
  AND tarehe_mwisho <= CURRENT_DATE + 30
ORDER BY tarehe_mwisho;
```

Hapa kilichopitwa leo kinaokotwa kesho. Hata kilichokwisha muda kinaendelea kutokea juu ya orodha hadi mtu aingize tarehe mpya au akifunge, na ndivyo inavyotakiwa.

Swali hili peke yake lingemtumia mtu barua kila siku kwa mwezi mzima, naye angeacha kuzisoma ndani ya wiki. Kwa hiyo panahitajika jedwali la pili, linaloandika leseni ipi, yenye tarehe ipi ya mwisho, imekwisha kukumbushwa kwa kizingiti kipi. Tarehe ya mwisho isisahauliwe humo: leseni ikihuishwa, tarehe hubadilika na mzunguko mpya huanza wenyewe. Kumbukumbu nayo iandikwe baada ya barua kukubaliwa na seva ya barua pepe. Ikitangulia na utumaji ukakwama, programu itaamini imekumbusha.

Vizingiti vya 30, 7 na 3 vinafaa kuliko kuishia na 1. Kwa kazi ya Jumatatu hadi Ijumaa, siku 3 huhakikisha kuwa kuna walau asubuhi moja ya kazi kabla ya mwisho. Katika mfano ule, barua ya kwanza ingetoka Jumatatu, 16 Februari, ya pili Jumatatu, 9 Machi, na ya mwisho Alhamisi, 12 Machi.

Linabaki suala la anayepokea. Kanuni za ICANN zinawataka wasajili wa majina kama ya `.com` watoe taarifa takriban mwezi mmoja na wiki moja kabla ya mwisho, lakini taarifa hizo huenda kwa anwani iliyosajiliwa, ambayo pengine ni ya fundi aliyekwisha kuacha kazi. Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya usalama vya tovuti, waliacha kabisa kutuma barua za tahadhari Juni 2025. Jedwali la ofisi basi liwe na anwani ya cheo, si ya mtu, pamoja na ya msimamizi atakayeandikiwa kizingiti cha 3 kikifika kabla ya kuhuishwa.

Mwisho kuna kimya. Asubuhi isiyo na barua huweza kumaanisha kwamba hakuna kinachoisha, au kwamba kazi imekufa tangu wiki iliyopita. Njia rahisi ya kutofautisha ni msimamizi kupata muhtasari kila Jumatatu, hata kama una mstari mmoja tu: "Leseni 42 zimekaguliwa, hakuna inayoisha." Muhtasari usipofika, seva ikaguliwe. Ukisema zimekaguliwa 0, jedwali ndilo la kutazamwa kwanza.