Sekunde Moja Ndani ya Kapilari

Mwaka 1956, huko Cambridge, mwanasayansi Vernon Ingram aliikatakata himoglobini ya mgonjwa wa selimundu na kuilinganisha na ya mtu mzima wa afya. Tofauti aliyoikuta ni ndogo ajabu. Mnyororo wa beta wa protini hiyo una asidi amino 146, na ni moja tu iliyobadilika: katika nafasi ya sita, palipopaswa kuwa na glutamati, pamekaa valini.

Glutamati hupenda maji, valini huyakimbia. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni, badiliko hilo halina madhara makubwa. Ikishaiachia oksijeni kwenye misuli au mifupa, umbo lake hugeuka na kishimo kidogo hujitokeza ubavuni mwake. Valini ya himoglobini ya jirani huingia humo na kunasa. Hiyo nayo hunaswa na nyingine, hadi ziwe nyuzi ndefu ngumu zinazoivuta chembe nyekundu ikapinda kama mundu.

Lakini nyuzi hazianzi papo hapo. Lazima kwanza himoglobini chache zishikane na kuwa kiini, na kiini hicho huchelewa kutokea. Chembe hupita kwenye kapilari kwa muda wa kama sekunde moja, kisha hurudi mapafuni kuchukua oksijeni upya. Ndiyo maana nyingi huvuka salama kabla hazijapinda, na mgonjwa huweza kukaa wiki nyingi bila maumivu.

Mfikirie mtoto wa miezi tisa aliyeharisha siku mbili. Mwili umepungukiwa maji, chembe zake nazo zimenywea, na himoglobini iliyomo imesongamana zaidi. Msongamano ukiongezeka kidogo tu, ule muda wa kuchelewa hupungua sana. Wakati huohuo chembe changa, ambazo zinanata, hujishikiza kwenye kuta za vena ndogo na kupunguza mwendo wa damu. Zinazofuata nyuma hukwama zikiwa tayari zimeachia oksijeni, hupindia humohumo, na njia huziba. Mifupa ya vidole hukosa damu. Mikono na miguu huvimba na kuuma. Mzazi asiyejua hudhani mtoto ameumia.

Kwa nini hakuugua alipozaliwa? Alikuwa bado na himoglobini ya tumboni, yenye minyororo ya gama badala ya beta, ambayo haiingii kwenye nyuzi. Hiyo hupungua kadiri miezi inavyopita.

Dawa ya haidroksiurea huirudisha kwa kiasi. Nyuzi huchelewa tena kuanza, chembe nyingi zaidi huvuka, na vipindi vya maumivu hupungua. Hata hivyo haiiondoi valini mahali pake, na kwa kuwa inaweza kushusha chembe nyeupe, anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara.