AFYA YA FAMILIA: Kona ya Kutulia kwa Watoto Wadogo



Mama mmoja wa hapa Lamadi aliniuliza afanyeje na mwanawe wa miaka 4. Mdogo wake akimnyang'anya kigari cha makopo, hujitupa chini, hupiga mateke na kulia mpaka sauti inakauka. Fimbo ilimzidishia kilio. Mtoto akishapandwa na hasira, moyo humwenda mbio na maneno hayamwingii. Mwili ukitulia, ndipo anasikia.

Tulitandika mkeka pembeni mwa sebule, mbali na jiko, mahali ambapo mama anamwona. Tuliweka mto ulioshonwa kwa khanga kuukuu. Ukutani, usawa wa macho ya mtoto aliyekaa, tulibandika kipande cha boksi chenye picha hizi:

1. Mtoto amekaa mkekani, amekumbatia mto.
2. Mtoto ananusa ua: anavuta pumzi kwa pua.
3. Mtoto anapuliza uji wa moto: anatoa pumzi polepole kwa mdomo. Anarudia 2 na 3 mara tano.
4. Mtoto amemshika mama mkono: anasema kilichomuudhi.

Picha ya 3 ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu kutoa pumzi polepole hupunguza mbio za moyo.

Mwanzoni mama alimfundisha katikati ya kilio, na mtoto akairarua ile boksi. Tukaanza upya asubuhi, mtoto akiwa na furaha. Mama aliketi mkekani, wakapuliza uji wa kujifanya kama mchezo, kila siku kwa wiki nzima. Hasira ilipokuja, alikaa naye na kuonyesha picha kwa kidole, bila maneno mengi.

Kisha baba akaanza kusema, "Nenda konani!" kwa ukali. Mtoto akaiogopa kona, ikabidi baba naye akae mkekani. Kona si kifungo. Mtoto akikataa kwenda, kaa karibu naye hapo alipo.

Utajua ametulia mabega yakishuka, pumzi ikiwa sawa, na akiweza kujibu swali dogo. Hapo mama alizungumza naye habari ya kigari: watapokezana, na kupiga mdogo wake hakuruhusiwi.

Mtoto chini ya miaka 3 huenda asiweze kufuata picha, mbebe. Akiwa na homa, njaa au anashika sikio, kona haitamsaidia. Akikakamaa, akipoteza fahamu au akibadilika ghafla na kumwogopa mtu fulani, mlete hospitali.

Walimu wa chekechea mnaweza kuwapelekea wazazi barua hii:

"Mzazi mpendwa, darasani tuna kona ya kutulia. Mtoto akikasirika hukaa hapo, mwalimu akiwa karibu, na hupumua kwa kufuata picha. Si adhabu. Akiwa na furaha, mwombe akuonyeshe jinsi ya kupuliza uji, nawe upulize pamoja naye."