Kalemie: Nani atashika ufunguo wa frigo ya chanjo, mwenye kazi akiondoka?

Jimbo la Tanganyika, lenye makao makuu Kalemie, lina zoni 11 za afya. Katika kila zoni, chanjo za watoto zinapitia frigo za buro kuu kabla ya kupelekwa vituoni kwa gari, pikipiki au mtumbwi. Mara nyingi anayezisimamia ni mtu mmoja. Ndiye ana ufunguo, ndiye anasoma joto la frigo na kuhesabu stoki, na ndiye anajua fundi wa kuitwa sola inapozima. Siku akihamishwa, akiugua au akistaafu, nani anaendelea kesho asubuhi?

Jibu linapaswa kuwa limeandikwa kabla ya siku hiyo, katika hati inayoitwa mpango wa kurithishana kazi. Hati hiyo inataja nafasi ambazo haziwezi kubaki wazi, inataja mtu anayeweza kuingia katika kila moja, na inaeleza afundishwe nini hadi awe tayari. Si lazima iwe ndefu. Ukurasa mmoja kwa kila nafasi unatosha.

Makosa huanza kwenye kuchagua nafasi zenyewe. Watu wengi wanaanza na wakubwa, na hivyo daktari mkuu wa zoni anawekwa wa kwanza. Lakini daktari mkuu anateuliwa na serikali, na zoni haiwezi kujichagulia atakayemfuata. Kinachoweza kuandikwa ni nani anakaimu kwa muda na faili gani anakabidhiwa. Kipimo kizuri kina maswali mawili: nafasi ikibaki wazi kwa wiki mbili, kazi gani inasimama? Na mtu mpya anahitaji muda gani mpaka afanye kazi hiyo peke yake? Kwa maswali hayo, msimamizi wa chanjo anapanda juu ya orodha, hata kama cheo chake ni kidogo.

Sababu iko ndani ya frigo. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto linasomwa mara mbili kwa siku, Jumapili na sikukuu pia. Watu wengi wanaogopa joto tu, wakati baridi nayo inaharibu: chanjo ya penta ikiganda haifai tena, na chupa inaweza kuonekana nzima kabisa. Alama iliyobandikwa kwenye chupa, ule mraba mdogo ndani ya duara, inageuka rangi kwa joto lakini haioneshi kama chanjo iliganda. Mtu asiyelijua hilo anaweza kuchanja watoto mwezi mzima kwa dawa iliyokufa, na rapoti ikaonesha kwamba wote wamechanjwa. Kati ya mwanzo wa 2019 na Januari 2020, surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mtoto aliyepewa chanjo iliyoharibika hana kinga kama yule ambaye hakuchanjwa.

Tuchukue mfano wa zoni ya kubuni, isiyo na jina. Msimamizi wake wa chanjo amebakiza miezi kumi kustaafu. Watu watatu wanaweza kumfuata: muuguzi msimamizi mwenzake, karani wa takwimu, na muuguzi kijana ambaye bado hana namba ya matrikule na anaishi kwa primu ndogo ya hapo hapo. Wa kwanza anajua vituo vyote lakini hajawahi kuandika oda ya chanjo. Karani anajua hesabu lakini frigo hajaigusa. Kijana ndiye anayebeba masanduku kila wiki na kusoma joto bosi asipokuwepo.

Hati inapaswa kusema wazi nani yuko tayari sasa, nani atakuwa tayari ndani ya mwaka, na nani baadaye. Hapa kishawishi ni kumwandika mwenye cheo kuwa "tayari sasa". Ukweli ni kwamba hakuna aliye tayari. Muuguzi msimamizi anaweza kufika baada ya miezi sita, na kijana baada ya mwaka akisaidiwa. Nafasi ya kwanza inaandikwa hivyo hivyo, bila haya: aliye tayari sasa, hakuna. Mstari huo ndio unaomwambia mkuu wa zoni kwamba ana hatari mkononi.

Kisha zinakuja hatua. "Atapewa mafunzo" si hatua, kwa sababu hakuna anayeweza kuikagua. Kwa muuguzi wetu hatua zinaandikwa kwa mwezi. Miezi miwili ya kwanza anasoma joto mwenyewe na kusaini kwenye kaye, huku mzee akikagua. Mwezi wa tatu na wa nne anaandaa oda: kama zoni ina watoto 7,000 wa kuchanjwa kwa mwaka na penta ni dozi tatu, hiyo ni dozi 21,000, yaani 1,750 kwa mwezi, kabla ya kuongeza zitakazopotea na akiba. Mzee naye anaandika oda yake pembeni, wanalinganisha. Mwezi wa tano mzee anachukua likizo kweli, si ya karatasi, na simu yake haipigwi.

Mwezi wa sita ni jaribio. Anapewa chupa za penta zinazoshukiwa kuganda, na anatakiwa kufanya kipimo cha kutikisa: anachukua chupa moja ya aina ile ile na ya loti ile ile, anaigandisha makusudi na kuiyeyusha, kisha anaitikisa pamoja na ile inayoshukiwa na kuziweka mezani. Kama mashapo ya chupa inayoshukiwa yanashuka haraka sawa na ya ile iliyogandishwa, inatupwa. Akijua kufanya hivyo na kueleza kwa nini, jina lake linahamia kwenye "tayari sasa". Akishindwa, linabaki pale lilipo.

Kongo ina kumbukumbu mbaya ya orodha zilizokosa hatua. Tarehe 30 Juni 1960, jeshi la Force Publique halikuwa na ofisa hata mmoja Mkongo. Uasi ulipoanza siku chache baadaye, Victor Lundula, aliyewahi kuwa sajenti, alifanywa jenerali na kukabidhiwa jeshi zima. Lawama haikuwa yake. Wabelgiji walikuwa na miaka mingi ya kumwandaa mtu na hawakuitumia.

Kuna ugumu ambao karatasi haiwezi kuuondoa. Wafanyakazi wengi wa serikali wanabaki kazini baada ya umri wa kustaafu kwa sababu pansheni haieleweki, na mtu kama huyo akiombwa kumfundisha mwingine anasikia kama anafukuzwa. Ndiyo maana hati ieleze pia mzee anabaki na nini: primu yake haiguswi kabla ya tarehe ya kuondoka. Kijana naye asiahidiwe cheo, kwa kuwa bila matrikule zoni haina uwezo wa kumpa. Aandikwe kama msaidizi, na ombi la matrikule liambatishwe.

Dalili za mpango wa uongo ni rahisi kuziona. Jina moja linatokea chini ya nafasi tatu, tarehe hazipo, au mrithi mwenyewe hajui kwamba ametajwa. Nyingine inaonekana mlangoni pa chumba cha frigo: mpango umesainiwa mwaka mzima, na ufunguo bado ni mmoja.