Mashine ya Hali Mbili

Katika msimbo wa ASCII, herufi C huandikwa kwa biti 7: 1000011. Ndani yake mna 1 tatu. Mitambo mingi ya mawasiliano ya zamani, kabla ya kuipeleka herufi hiyo kwenye waya, iliiongezea biti ya nane ili idadi ya 1 iwe shufwa: 11000011. Kipokezi upande wa pili kilikuwa na swali moja tu: 1 zilizofika ni shufwa au witiri?

Wengi wakiambiwa wabuni kipokezi hicho hukimbilia kuhesabu. Tatizo ni kwamba mfuatano unaweza kuwa mrefu kiasi chochote, na kihesabio nacho kitakua pamoja nao. Otomata, mashine ambayo Michael Rabin na Dana Scott waliichambua katika makala yao ya mwaka 1959, ina hali chache zisizoongezeka, na haina daftari la kuandikia.

Basi tujiulize: katika yote yaliyokwisha kusomwa, ni lipi litakalobadilisha hukumu ya mwisho? Aliyesoma 1 tatu na aliyesoma 1 mia tatu na moja wako mahali pamoja, kwa sababu lolote litakalofuata litawapa jibu lilelile. Hapo ndipo ubunifu wote ulipo. Zinabaki hali mbili: S ya shufwa na W ya witiri. Ikija 0, mashine inabaki ilipo. Ikija 1, inahamia hali nyingine.

```
      0   1
S     S   W
W     W   S
```

Inaanzia S, kwa kuwa haijasoma kitu na sifuri ni shufwa. Ikimalizia S, inakubali. Tuipe 11000011: inapita W, S, S, S, S, S, W, S. Imekubali.

Hali moja isingetosha. Mfuatano mtupu na mfuatano 1 vingeishia mahali pamoja, ilhali wa kwanza unakubaliwa na wa pili unakataliwa.

Wanafunzi hukosea zaidi kwenye 0: kwa kuwa haibadilishi kitu, wanaacha kuichorea mshale. Lakini kila hali lazima iwe na mshale mmoja kwa kila alama, la sivyo mashine ikikutana na 0 haina pa kwenda. Jaribu mchoro wako kwa mfuatano mtupu, 0, 1 na 101. Ni wa tatu tu unaopaswa kukataliwa.

Kwenye waya, biti moja ikigeuka, mashine inaishia W na kosa linajulikana, ingawa si mahali lilipo. Zikigeuka mbili, 11000011 inaweza kufika ikiwa 11000000. Zimebaki 1 mbili, na mashine inaipokea kama herufi halali.